Mkutano wa kabla ya ujenzi: jinsi ya kuandaa ajenda na waraka wa maelezo ili kazi ianze siku iliyoandikwa

Kosa linalorudiwa ni hili: watu wanakutana, wanajitambulisha, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anawakaribisha, kila mmoja anaahidi ushirikiano, soda zinanyweka, wanaachana. Wiki tatu baadaye mitaro haijachimbwa, kwa sababu hakuna aliyeandika nani alipaswa kuleta kibali, nani angeonyesha mawe ya mpaka, na nani mwenye ruhusa ya kumwambia fundi "simama".

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni mkataba wa halmashauri ya wilaya ya Busia, Uganda: jengo la madarasa manne na choo cha matundu matano katika shule ya msingi. Bei ni shilingi milioni 265, muda ni siku 150, na saiti inakabidhiwa tarehe 15 Januari. Shule na takwimu hizi ni za mfano tu. Utaratibu wenyewe ndio unaotumika.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaandika chochote

- Mkataba uliosainiwa, pamoja na masharti maalumu. Masharti ya jumla peke yake hayatoshi, kwani tarehe na asilimia zimo kwenye yale maalumu.
- Michoro yote, kila karatasi ikiwa na nambari na tarehe ya toleo lake.
- Orodha ya vipimo na bei.
- Fomu ya uchunguzi wa mazingira na jamii, na mpango wa kudhibiti athari uliowekewa bei.
- Barua za uteuzi: meneja wa mkataba, msimamizi wa mradi, klaki wa kazi.
- Kibali cha ujenzi, au barua ya kukiomba.
- Kitabu cha maagizo cha saiti chenye karatasi za kaboni, nakala tatu kwa kila ukurasa.
- Kalenda ya shule na kalenda ya mwaka wa fedha.

Ukikosa viwili kati ya hivi, usiahirishe mkutano. Viandike kwenye waraka kama mapengo, maana kazi mojawapo ya mkutano ni kuyaziba.

## Hatua ya 1: Toa tarehe na fedha kwenye mkataba, uzihesabu

Chukua karatasi moja. Andika tarehe ya kusaini, tarehe ya kukabidhi saiti, tarehe ya kuanza, siku ambazo mkandarasi amepewa kuwasilisha ratiba ya kazi, dhamana zinazodaiwa na fidia ya kuchelewa. Kisha hesabu mwenyewe, usinakili tu.

Katika mfano wetu, siku 150 kuanzia 15 Januari zinaishia 14 Juni, Februari ikiwa na siku 28. Mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda unafungwa 30 Juni, na fedha ambazo hazijatumika hurudi Hazina. Zimebaki siku 16. Lakini hizo si za kujenga. Ndani yake kuna kupima kazi ya mwisho, kukusanya saini za hati ya malipo na kuipitisha kwenye mfumo kabla haujafungwa. Anayeona mwanya wa wiki mbili hapo amejidanganya. Mwanya wa kweli ni siku chache mno.

Fidia ya kuchelewa ikiwa ni asilimia 0.1 ya bei kwa siku, ni shilingi 265,000 kila siku. Dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10 ni milioni 26.5. Malipo ya awali ya asilimia 20 ni milioni 53, na hayatoki bila dhamana yake. Andika shilingi, si asilimia peke yake. Mkandarasi mdogo akisikia "asilimia kumi" huitikia tu kwa kichwa. Akisikia milioni 26.5 huuliza benki inahitaji siku ngapi, na swali hilo ndilo unalolitaka.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: tukipoteza siku kadhaa mwanzoni, tunagonga tarehe fulani mwishoni.

## Hatua ya 2: Andika waraka wa maelezo wa kurasa mbili

Waraka si ajenda. Ajenda inasema mtazungumza nini. Waraka unasema hali ikoje leo, ili muda wa mkutano usitumike kusimuliana mkataba. Upeleke siku tano za kazi kabla. Kwa mkutano wa tarehe 8 Januari, uwe umetoka mwishoni mwa Desemba, kwa kuwa siku za mwaka mpya hazina mtu ofisini.

Kurasa zikizidi mbili hausomwi. Mpangilio unaofaa ni huu:

```
WARAKA WA MAELEZO - MKUTANO WA KABLA YA UJENZI
Mkataba Na.: ........  Kazi: Madarasa 4 na choo cha matundu 5
Mkutano: 8 Januari, saa 4 asubuhi, shuleni

1. TAREHE NA FEDHA
   Kukabidhi saiti: 15 Januari   Mwisho: 14 Juni
   Bei: Sh 265,000,000   Fidia: Sh 265,000 kwa siku

2. MICHORO INAYOTUMIKA
   Nambari, toleo, tarehe (mingine yote imefutwa)

3. NANI ANA MAMLAKA YA NINI
   Jina, cheo, anachoweza kuagiza, asichoweza

4. IDHINI: ZILIZOPO / ZINAZOSUBIRIWA
   Hati, anayeitafuta, tarehe ya mwisho

5. MAPENGO YANAYOHITAJI UAMUZI SIKU HIYO
   (yasizidi matano)

6. KILA MMOJA AJE NA NINI
```

Sehemu ya 5 ndiyo roho ya waraka. Katika mfano wetu yangeandikwa hivi: mawe mawili ya mpaka upande wa mashariki hayaonekani, kisima cha shule kiko karibu na mahali pa choo, na umbali haujapimwa, majaribio ya zege hayana tarehe, magari ya mchanga yatapita kwenye lango la watoto. Mambo manne, kila moja kwa mstari mmoja.

Onyo. Usiandike "mambo yote yako sawa isipokuwa machache". Sentensi hiyo itasomwa mahakamani au kwenye ripoti ya ukaguzi kama ushahidi kwamba mwajiri, yaani wilaya, alikuwa tayari.

Andaa pia nusu ukurasa wa Kiswahili kwa nyapara na mafundi. Kumbukumbu rasmi zitaandikwa kwa Kiingereza, lakini kwenye saiti ya Busia utamkuta Msamia, Mteso na fundi aliyevuka kutoka upande wa Kenya, na lugha wanayokutania ni Kiswahili. Agizo lisiloeleweka na anayeshika mwiko halijatolewa.

## Hatua ya 3: Alika wenye saini, si wenye viti

Kwa mradi wa wilaya, timu ya utekelezaji ina watu sita: meneja wa mkataba, msimamizi wa mradi, klaki wa kazi, afisa wa mazingira, afisa wa maendeleo ya jamii na afisa wa kazi. Hao wote waje. Waje pia mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenyekiti wa LC1, na mwakilishi wa gombolola, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya.

Kwa mkandarasi, usikubali mkurugenzi peke yake. Mwambie kwa barua alete mtu atakayelala saiti. Mkurugenzi husaini, lakini anayepokea maagizo kila asubuhi ni mwingine, na huyo asipokuwepo mtarudia mkutano mzima siku ya kwanza ya kazi.

Mkuu wa wilaya wa kisiasa na RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, wataarifiwe, na wakija wapewe nafasi mwanzoni. Hotuba ikiachwa mwisho hula dakika za kusoma maamuzi.

## Hatua ya 4: Panga ajenda kwa dakika

Mambo yanayozua ugomvi yapewe muda mrefu. Yale ambayo waraka umeshayajibu yapite haraka.

1. Hudhurio na utambulisho: dakika 5
2. Tarehe, fedha na michoro inayotumika: dakika 10
3. Nani ana mamlaka ya nini: dakika 20
4. Njia za mawasiliano: dakika 15
5. Idhini na ukaguzi: dakika 20
6. Masharti ya kuanza kazi: dakika 25
7. Watoto, usalama na mazingira: dakika 15
8. Kusoma maamuzi kwa sauti: dakika 10

Jumla ni saa mbili. Kisha tembeeni saiti dakika 45, na matembezi hayo yaandikwe kama sehemu ya mkutano. Mengi yaliyokubaliwa mezani hubadilika mtu akiona mti wa mwembe umesimama katikati ya darasa la tatu.

Hudhurio liwe na safu ya "ninawakilisha nani" na "naweza kuamua: ndiyo au hapana". Safu hiyo ya pili inaudhi kidogo, lakini inaokoa. Aliyejaza "hapana" asiulizwe uamuzi. Aulizwe nani ataamua, na lini.

## Hatua ya 5: Tenganisha mamlaka, mtu kwa mtu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu wanajua vyeo vyao. Wasichojua ni mipaka yake.

Afisa Mtendaji Mkuu wa wilaya, CAO. Ndiye afisa anayewajibika kwa matumizi ya fedha hizo na ndiye anayesaini mkataba kwa niaba ya wilaya. Mabadiliko ya bei au muda wa mkataba hayapo mpaka yapite kwake kwa utaratibu wa ununuzi wa umma.

Meneja wa mkataba. CAO humteua, mara nyingi kutoka idara itakayotumia jengo, kwa mfano elimu. Anafuatilia mkataba: tarehe, dhamana, malipo, ripoti. Haelekezi fundi aweke nondo ngapi.

Msimamizi wa mradi. Kwa kawaida ni injinia wa wilaya. Maagizo ya kiufundi ni yake, na maagizo ya kubadilisha kazi hutoka kwake baada ya ruhusa zinazotakiwa.

Klaki wa kazi. Yuko saiti kila siku. Anaweza kukagua, kukataa nyenzo mbovu, kusimamisha kipande cha kazi kinachokiuka mchoro, na kuandika. Hawezi kuongeza kazi, kupunguza kazi, wala kubadili mchoro. Sema hili akiwa amekaa hapo hapo, ili asije akasukumwa na mkandarasi kesho: "si wewe ulisema tuendelee?"

Mwalimu mkuu na kamati ya shule. Hawa ni macho na masikio. Wanaweza kulalamika wakati wowote, na malalamiko yao lazima yajibiwe. Hawaagizi.

Sasa jaribuni kwa kisa, msiache kama orodha. Mwalimu mkuu anaona choo kimepangwa mbali, anamwomba nyapara akisogeze mita 12 karibu na madarasa. Nyapara ni mtu mwema, anakubali. Shimo linachimbwa. Afisa wa mazingira anakuja mwezi wa pili, anapima, anakuta shimo liko mita 22 kutoka kisima, wakati kipimo kinachotumiwa kwa kawaida ni angalau mita 30. Shimo linafukiwa. Nani analipa? Mkandarasi, kwa sababu hana karatasi.

Njia iliyo sahihi ya ombi lile lile: mwalimu mkuu anamwambia klaki wa kazi, klaki anaandika kwenye kitabu, msimamizi wa mradi anaita afisa wa mazingira wapime pamoja, na jibu linatoka kwa maandishi. Linaweza kuwa hapana, na hapana ya karatasi ni rahisi kuliko shimo la kufukia.

Utajua umefaulu ukimuuliza nyapara, si mkurugenzi: "LC1 akikuambia usimamishe kazi, unafanya nini?" naye akajibu kwamba anampigia klaki wa kazi na kuandika. Kwa hatari ya mwili, kila mtu anaweza kusema simama. Hilo liwe jambo pekee lisilo na ngazi.

## Hatua ya 6: Chora njia moja ya mawasiliano, na utaje simu ni ya nini

Masharti ya jumla yanayotumika kwenye mikataba mingi ya aina hii yanasema mawasiliano kati ya pande mbili yana nguvu yakiwa kwa maandishi tu, na notisi huanza kufanya kazi inapofikishwa. Watu wanaijua kanuni hiyo, kisha wanaendesha mradi mzima kwa simu.

Kubalianeni ngazi tatu, zisiongezeke.

*Kitabu cha maagizo* kwa mambo ya kila siku. Nakala ya kwanza kwa mkandarasi, ya pili kwa msimamizi wa mradi, ya tatu inabaki kitabuni. Kitabu hakitoki saiti. Mara nyingi kitabu kikipelekwa ofisini "kwa saini" hakirudi, na agizo linalofuata hutolewa kwa mdomo.

*Barua* kwa fedha, muda, madai na notisi. Barua pepe inakubalika iwapo tu anwani zimeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano na pande zote zimekubali.

*Kundi la WhatsApp* kwa picha, kuwasili kwa magari na kuulizana "mko wapi". Andikeni wazi kwenye kumbukumbu: hakuna agizo wala idhini inayotolewa humo. Jambo likianzia kwenye kundi, lihamie kitabuni ndani ya saa 24, la sivyo halikutokea. Kanuni hii itavunjwa wiki ya kwanza. Msimamizi wa mradi ndiye wa kuirudisha, kwa kujibu "andika kitabuni" kila mara bila kuchoka.

Tajeni pia onyo la mapema. Mkandarasi akiona kitu kitakachochelewesha au kuongeza gharama, anaandika mara moja, hata kama hana suluhisho. Wengi huficha wakidhani ni kujishtaki. Waelezeni kinyume chake: kwa mikataba hiyo, aliyeonya mapema hulinda haki yake ya kuongezewa muda, na aliyenyamaza anaweza kuipoteza.

Mikutano ya saiti iwe ya kila mwezi, tarehe zote zikiandikwa siku hiyo hiyo. Klaki wa kazi atoe ripoti ya kila wiki: watu wangapi, mvua siku ngapi, nyenzo zipi zimefika.

## Hatua ya 7: Tengeneza daftari la idhini, lenye muda wa kujibu

Kuna idhini za aina mbili na watu huzichanganya. Za kwanza ni za kuruhusiwa kujenga. Za pili ni za kila kipande cha kazi ndani ya ujenzi.

Kwa za kwanza, angalieni hati moja moja. Mkataba unaozidi shilingi milioni 200 unahitaji kupitiwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wetu ni milioni 265, kwa hiyo barua hiyo iwepo kwenye faili. Ruhusa ya upangaji hutoka kwa kamati ya mipango ya ardhi. Kibali cha ujenzi hutoka kwa kamati ya majengo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Msidhani jengo la serikali limejiombea kibali lenyewe. Ulizeni nambari yake, na ikiwa haipo, andikeni jina la anayekwenda kuifuata na siku. Sehemu ya kazi nayo husajiliwa na idara ya usalama kazini kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006. Jukumu hilo liandikwe kwa mkandarasi.

Kwa za pili, wekeni muda. Nyenzo: msimamizi wa mradi anajibu ndani ya siku tatu za kazi. Kazi itakayofunikwa: mkandarasi anatoa taarifa saa 24 kabla, na ukaguzi unafanyika siku iliyotajwa. Vituo vya kusimama viwe vichache na vijulikane: mtaro kabla ya zege, nondo kabla ya zege, udongo uliotiwa dawa ya mchwa kabla ya sakafu, mkanda wa juu kabla ya kumwaga, mbao za paa kabla ya bati.

Onyo. Kimya si idhini. Lakini kimya kikizidi muda uliokubaliwa, mkandarasi aandike, na siku zinazopotea zihesabiwe kwa mwajiri. Bila kipande hicho cha pili, kanuni ya kwanza inamnyonga mkandarasi.

### Zege: mahali ratiba inapovunjika

Zege la msingi wetu limepangwa 29 Januari, siku 14 baada ya kukabidhiwa saiti. Nguvu inayotakiwa ni MPa 25. Kabla ya hapo inabidi mchanganyiko ujaribiwe: kuchukua mchanga, kokoto na saruji zile zile zitakazotumika, kumwaga vitalu sita vya milimita 150, vitatu vivunjwe siku ya 7 na vitatu siku ya 28.

Mkandarasi akisubiri saiti ndipo achukue sampuli, atamwaga vitalu tarehe 19 Januari. Majibu ya siku 7 yanatoka 26 Januari, siku tatu tu kabla ya zege. Ya siku 28 yanatoka 16 Februari, msingi ukiwa umeshafukiwa. Kitalu kimoja kikiharibika njiani kwenda maabara, ratiba imekwisha.

Sampuli hazihitaji saiti. Zinahitaji machimbo na duka. Kwa hiyo mkutano wa tarehe 8 uamue: sampuli tarehe 9, vitalu tarehe 12, majibu ya siku 7 tarehe 19. Hapo kuna siku kumi za kurekebisha.

Amueni pia, kwa maandishi, kama majibu ya siku 7 yanatosha kuanza. Kwa saruji ya kawaida, siku ya 7 zege huwa limefikia karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, yaani kama MPa 17 kwa MPa 25. Saruji yenye pozolana, yaani majivu ya volkano, huchelewa mwanzoni, hivyo kipimo hicho kinaweza kuifelisha bila kosa. Soma mfuko: 32.5 ni ya kujengea tofali na plasta, 42.5 ndiyo ya zege la kubeba mzigo. Waandishi wengi wa orodha huweka neno "saruji" tu, na mkandarasi hununua ya bei ndogo. Utamlaumu kwa lipi?

### Malipo nayo ni idhini

Hati ya malipo haipiti kwa saini ya injinia peke yake. Afisa wa mazingira na afisa wa maendeleo ya jamii wanathibitisha kwamba hatua za mazingira na jamii zimefuatwa kabla ya malipo. Kwa hiyo waulizeni hapo hapo: mtahitaji kuona nini ili msaini? Miti iliyopandwa? Shimo la taka? Orodha ya wafanyakazi waliosaini kanuni za mwenendo? Jibu liingie kwenye kumbukumbu, lisiwe mshangao wa mwezi wa tatu.

## Hatua ya 8: Masharti ya kuanza, kila moja lina jina na siku

Someni orodha hii kwa sauti, na kwa kila mstari mwenyekiti aulize "nani?" na "lini?". Neno "mkandarasi" si jibu. Jina ndilo jibu.

- Dhamana ya utekelezaji imefika, na CAO ameiandikia benki kuthibitisha kuwa ni ya kweli. Usipokee karatasi kwa sura yake.
- Bima ya kazi na fidia ya wafanyakazi, zinazoanza siku ya kuanza kazi. Angalia tarehe: bima inayoanza 1 Februari inaacha nusu ya Januari wazi, na ndiyo nusu ya kuchimba.
- Ratiba ya kazi imewasilishwa.
- Mkandarasi amejisajili NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na ana mikataba ya wafanyakazi. Tangu marekebisho ya 2022 waajiri wote wanachangia, hata wenye watu wachache: asilimia 10 ya mwajiri, 5 ya mfanyakazi.
- Mawe ya mpaka yameonyeshwa na kufunuliwa. Kwa yale mawili yasiyoonekana, afisa wa ardhi awe saiti tarehe 13 Januari, siku mbili kabla ya kukabidhi.
- Alama ya kimo imewekwa mahali ambapo lori halitaigonga.
- Uzio, ubao wa mradi, choo cha wafanyakazi, boksi la huduma ya kwanza, kofia na buti.
- Maji. Zege la msingi la mita 12 za ujazo linataka lita zaidi ya 2,000 za kuchanganyia peke yake, kabla ya kumwagilia. Kisima cha shule hakitoshi, na hakikuchimbwa kwa ajili hiyo. Mkandarasi aseme maji yanatoka wapi.

Kuhusu watoto: muhula wa kwanza huanza mwanzoni mwa Februari. Hivyo uchimbaji na magari mazito yapangwe wiki za Januari kadiri inavyowezekana. Shule ikifunguliwa, lori lisipite langoni wakati wa kuingia, mapumziko na kutoka, na mwalimu mmoja awe na simu ya nyapara. Mashimo yaliyo wazi yazungushiwe kabla ya jioni. Shimo la choo cha matundu matano ni refu, na Jumapili halina mlinzi mwingine zaidi ya uzio.

Ishara kwamba hamko tayari: nusu ya mistari ina jibu "inashughulikiwa". Hapo msiahirishe tarehe ya kukabidhi kimya kimya. Mwajiri asipotoa saiti kwa tarehe ya mkataba, ucheleweshaji ni wake na mkandarasi ana dai. Kama sehemu moja tu ina tatizo, kama ule upande wa mashariki, mnaweza kukabidhi iliyobaki na kuandika wazi sehemu ipi haijatolewa.

## Hatua ya 9: Soma maamuzi, toa kumbukumbu, kabidhi saiti

Dakika kumi za mwisho ni za kusoma maamuzi tu. Katibu asome, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili: uamuzi, jina, tarehe. Mtu akipinga, apinge hapo.

Kumbukumbu zitoke ndani ya saa 48. Ziwe na ukurasa mmoja wa maamuzi mbele, maelezo nyuma, na mstari unaosema marekebisho yaletwe ndani ya siku tano, la sivyo zinahesabiwa zimekubaliwa. Mstari kutoka kwenye mfano wetu unafanana na huu:

```
Na. 7  Sampuli za mchanga, kokoto na saruji ya 42.5
       Anayefanya: msimamizi wa saiti (jina)
       Anayeshuhudia: klaki wa kazi (jina)
       Sampuli: 9 Jan   Vitalu: 12 Jan   Majibu ya siku 7: 19 Jan
       Uamuzi: zege la msingi linaweza kuanza kwa majibu ya siku 7
       Asiyeridhika: aandike kabla ya 14 Jan
```

Kukabidhi saiti ni tukio tofauti lenye hati yake. Siku ya 15, tembeeni mpaka wote, pigeni picha ya kila jiwe, hesabuni miti na majengo yaliyopo pamoja na nyufa zake. Darasa la zamani lenye ufa leo litadaiwa kuwa limepasuliwa na lori la mkandarasi mwezi wa nne. Wasaini mwajiri, mkandarasi, mwalimu mkuu na LC1. Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha maagizo ujazwe hapo hapo, ukianza na nambari za michoro inayotumika, na klaki wa kazi abaki nacho.